Naomba ushauri: maagizo ya mhadhiri ya mdomo nayapangaje kuwa orodha ya kazi?

Habari wakuu. Mhadhiri wetu ametoa kazi ya kikundi kwa mdomo tu, nami ndiye nimepewa jukumu la kuipanga. Nilirekodi kwa simu, kwa ruhusa yake.

Alisema kazi nzima ina alama 20: pendekezo robo, ripoti nusu, inayobaki ni uwasilishaji. Hapo sikupata shida, nikaandika 5, 10 na 5. Pendekezo ni Ijumaa ya wiki ya sita, nalo limekaa sawa.

Ninapokwama ni kwenye ripoti. Alisema ni "wiki mbili baada ya kuwarudishia pendekezo", bila kutaja atarudisha lini. Kwa sasa nimeandika "siku ya kurudishiwa + siku 14", lakini wenzangu wanataka tarehe kamili. Niweke ya kukadiria, au wataizoea wasahau kuibadilisha?

Pia dodoso lazima alipitishe kabla hatujaenda sokoni kukusanya taarifa. Halina alama, ila likichelewa ripoti yote inasimama. Nimeliwekea mstari wake, alama 0, na jina la mhusika. Je, inatosha?

La mwisho, alisema marejeo yakikosewa "nakata mbili". Mbili za ripoti, au kila mwanakikundi? Nafikiria kumpelekea jedwali zima kupitia kiongozi wa darasa, mistari yenye utata nikiwa nimeiwekea alama ya kuuliza. Waliowahi kufanya hivi, mhadhiri alilipokeaje?