Tupeane uzoefu: sindano ya penisilini ya kila wiki nne kwa mtoto ambaye moyo umeguswa na homa ya baridi yabisi

Mama Rashidi, Busia
Salaam jamani. Natafuta wenzangu ambao watoto wao wanachomwa ile penisilini ya kila mwezi kwa sababu ya moyo. Wangu sasa ana miaka 13. Alipokuwa na miaka 9 goti lilivimba, likapoa, kikafuata kifundo cha mguu, halafu kiwiko, kama kitu kinachotembea mwilini. Tukatibu malaria, tukatibu taifodi. Wiki ya tatu akawa hawezi kulala chali, usiku anakaa kitako anahema. Ndipo tulipofika Mulago, Kampala, Taasisi ya Moyo, akapigwa eko, ile picha ya moyo. Wakasema ni homa ya baridi yabisi. Lilianza koo, mwili ukapigana na kijidudu cha kooni, na katika kupigana ukaijeruhi vali ya moyo wake mwenyewe. Vali inavuja. Sindano haizibi panapovuja, inazuia koo jingine lisije kuongeza jeraha.

Sasa kosa langu. Sindano ya kwanza ilikuwa tarehe 5, basi mimi nikashika tarehe 5 ya kila mwezi. Ikiangukia Jumamosi naenda Jumatatu. Mara moja dawa iliisha kituoni, nikaambiwa rudi wiki ijayo, nikarudi, bado. Siku waliyomchoma zilikuwa zimepita siku 44. Wiki mbili baadaye goti likavimba tena. Eko ya pili ikaonyesha vali inavuja kuliko mwanzo. Daktari alifungua daftari la mtoto, akahesabu kwa ncha ya kalamu: sindano 11 kwa mwaka. Akasema zilitakiwa 13. Nikabisha, mwaka una miezi 12, ya 13 inatoka wapi? Akanizidishia 28 mara 13 kwenye karatasi.

Nyie mnahesabuje? Dawa ikikosekana mnafanya nini? Na ni mpaka lini?

Muuguzi wa Tororo
Pole mama. Hilo la tarehe ndilo ninalokutana nalo kuliko yote, na si la wazazi peke yao, hata sisi tunaandika "arudi baada ya mwezi". Acha tarehe, shika siku ya wiki. Siku 28 ni wiki nne kamili, kwa hiyo kama alichomwa Jumanne, maisha yake yote ya sindano ni Jumanne. Ukijikuta umeenda Alhamisi ujue umechelewa.

Sababu ni hii. Dawa hukaa kwenye nyama ya tako na kuingia kwenye damu kidogo kidogo. Siku za mwanzo ni nyingi, wiki ya nne kwa watoto wengi imebaki chache mno. Kuwahi siku mbili hakudhuru kitu. Kuchelewa ndiko kunakoacha mlango wazi. Na ukichelewa usingoje tarehe nyingine, achomwe siku hiyohiyo, uanze kuhesabu upya hapo.

Halafu nikuulize: ana kilo ngapi?

Hajati, Kisenyi
Mimi sikumzoesha wangu sindano, inaumiza bure. Namwangalia koo tu. Likiwasha, nampa amoksilini siku zote anazotakiwa, yameisha. Ugonjwa si unaanzia kooni? Ukiua koo umeua ugonjwa.

Muuguzi wa Tororo
Hajati, nusu yako ni kweli. Kwa mtoto ambaye moyo haujaguswa, kwa mfano ndugu zake Rashidi, hiyo ndiyo kinga yenyewe: koo litibiwe mapema na dozi imalizwe. Lakini aliyeguswa mara moja mwili wake umeshajifunza vibaya, koo dogo tu linamwamsha. Na koo lenyewe si lazima liume. Waulize wazazi walioleta watoto na viungo vimevimba, wengi hawakumbuki koo lolote. Utaliangaliaje koo ambalo mtoto halisemi?

Hajati, Kisenyi
Sawa, mwanangu. Lakini wangu ana mwaka wa tatu bila tatizo, alhamdulillahi. Nitauliza.

Baba Nusura, Arua
Kwetu hakukuwa na goti wala kuhema. Binti yangu, miaka 11, alianza kuangusha vikombe. Mwandiko ukaharibika, mwalimu akamchapa akidhani ni utundu. Mikono inacheza yenyewe, uso unajikunja, akilala vyote vinatulia. Wazee wakasema ni majini, nikatumia pesa huko. Mganga mmoja wa zahanati ndiye aliyesema mpelekeni moyo upimwe. Moyo ulikuwa umeguswa kidogo. Mikono ilitulia baada ya miezi, sindano zinaendelea. Nataja hili kwa sababu wengi wanangoja viungo vivimbe.

Kijana wa Mbale
Nina miaka 22, nimechomwa tangu nina 9. Niseme upande wa anayechomwa, maana hapa wanaongea wazazi tu.

Sindano yenyewe ni nene. Unasikia inaingia kama uji mzito, na jioni unatembea kama bata. Bweni zima linajua umetoka kuchomwa. Kidato cha pili nilipewa ruhusa ya kwenda mwenyewe kituoni na daftari langu. Nikaenda miezi miwili. Wa tatu nikakaa sokoni, nikajaza daftari kwa mkono wangu, na sahihi nikaiga. Nilifanya hivyo karibu mwaka. Mama alipofungua daftari aliona safu nzuri imenyooka.

Sasa nikipanda kilima napumzika mara mbili, na madaktari wanazungumzia upasuaji wa vali. Siwezi kusema mwaka ule peke yake ndio uliofanya hivi. Ila wazazi wa watoto wa bweni: wino mmoja, mwandiko mmoja, mistari yote imenyooka, ulizeni.

Kitu kilichonirudisha ni muuguzi mmoja aliyekuwa anapasha chupa kati ya viganja vyake kwanza, anasukuma polepole hadi nikawa naweza kuhesabu mia, na wiki hii tako la kulia, mara ijayo la kushoto. Dawa ileile, maumivu nusu.

Muuguzi wa Tororo
Ahsante kaka kwa kusema. Tena kuna vituo vinachanganya na lignokeni kidogo ya ganzi, daktari akiruhusu. Ombeni, msione haya. Na sindano iwe na tundu la kutosha, ile ya kijani, na ichomwe mara ikishatikiswa. Ikikaa, unga unatuama na kuziba, mtoto anachomwa mara mbili.

Mama Pendo, Nakivale
Samahani, wangu ana selimundu na anapewa penisilini ya vidonge, kila siku asubuhi na jioni, na waliniambia atasimamisha akifika miaka 5. Sasa ninyi watoto wenu wamepita miaka 10 na bado wanachomwa? Wamenidanganya?

Muuguzi wa Tororo
Hapana dada, hawakukudanganya. Penisilini ni moja, kazi mbili. Wako anakingwa na kijidudu kingine, kile kinachoingia mapafuni na kwenye damu ya watoto wadogo wenye selimundu. Endelea kama ulivyoambiwa. Hapa tunazungumzia moyo.

Dereva wa Malaba
Mimi la dawa kukosekana. Kituoni hakuna, nikanunua duka la dawa barabarani, kijana wa pale akamchoma mwanangu palepale. Bei poa. Nilifurahi kwamba haikuuma kama siku zote. Mke wangu akasema, mbona safari hii ilikuwa kama maji?

Muuguzi wa Tororo
Mkeo ana macho. Ile ilikuwa karibu hakika ekspeni, penisilini ya kawaida, inayokaa saa chache na si wiki. Benzathini, yaani hii yetu ya wiki nne, ikichanganywa na maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Ekspeni inakuwa angavu. Zote ni unga kwenye vichupa vinavyofanana, na kwenye risiti zote zinaandikwa penisilini. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kulitambua hilo kwa jicho. Ila benzathini haipiti kwenye mshipa kamwe, ni ya nyama tu. Ikiingia kwenye mshipa inaweza kuua. Mpeleke kituoni achomwe upya, usihesabu ile.

Kuhusu kuisha: dawa za vituo vya serikali huletwa na Bohari ya Taifa kwa mizunguko ya miezi miwili, na benzathini hiyohiyo ndiyo inayotibu kaswende ya wajawazito. Mwisho wa mzunguko rafu inakuwa tupu. Mimi huwaambia wazazi wangu waje dawa zikishuka, waandikishe jina, niweke chupa ya mtoto pembeni. Si kila kituo kitakubali, lakini aombaye kabla hupata kuliko anayelalamika baadaye.

Acholi Mwana, Gulu
Wangu hakuwahi kuumwa. Walipita shuleni na mashine ya eko, wakamkuta na dalili ndogo ambazo hata daktari hazisikii kwa kipimo cha masikioni. Akaingia kwenye ule utafiti wa hapa Gulu, watoto 818, nusu wanachomwa na nusu wanaangaliwa tu. Baada ya miaka miwili, waliochomwa ni 3 tu waliozidi kuharibika, wa upande wa pili 33. Wangu alikuwa upande wa kuangaliwa. Hakuharibika, bahati yake, na matokeo yalipotoka mwaka 2021 nikataka aanze.

Mama Rashidi, Busia
Na hili la watoto kufa baada ya sindano? Kijijini kwetu kuna mmoja alianguka kabla ya kutoka mlangoni. Wanasema ni aleji.

Muuguzi wa Tororo
Aleji ipo, ndiyo maana tunauliza kwanza na mtoto anakaa tumwangalie kabla hajaondoka. Lakini wengi wa wanaoanguka hivyo ni wale ambao vali zimeharibika sana, moyo umechoka. Maumivu na woga vinashusha presha ghafla na moyo hauna nguvu ya kuirudisha. Tangu 2022 wataalamu wa Marekani wanashauri wagonjwa wa hali hiyo wapewe vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku badala ya sindano. Kwa wengine wote sindano inabaki bora, maana kidonge cha kila siku kwa miaka kinasahaulika. Mtoto ale, anywe maji, achomwe amelala, asiinuke haraka.

Shida ni kwamba wenzetu wengine wameogopa na sasa wanakataa kumchoma yeyote mwenye ugonjwa wa moyo. Hilo nalo linaua, polepole tu.

Baba Nusura, Arua
Na mpaka lini? Mimi daktari mmoja kaniambia hadi afikishe miaka 21, mwingine kasema 40.

Muuguzi wa Tororo
Wote wanaweza kuwa sahihi. Moyo ukipona kabisa, ni miaka 10 ya sindano au hadi afikishe umri wa 21, lile refu zaidi. Vali ikibaki na kovu kubwa, wengine wanasema hadi umri wa 40, wengine maisha. Sitakupa namba kwa binti ambaye sijaona eko yake. Asiache bila eko mpya, basi.

Kijana wa Mbale
Mimi nimeambiwa maisha. Nimeacha kuuliza.

Mama Rashidi, Busia
Muuguzi, uliniuliza kilo nikapita. Leo nimempeleka kwa muuza mahindi, amepanda kwenye mizani ya magunia: kilo 34. Nimefungua daftari, ukurasa wa kwanza umeandikwa kilo 24 na dozi yuniti 600,000. Kurasa zote zinazofuata zimenakili 600,000. Miaka minne.

Muuguzi wa Tororo
Akifika kilo 30 inakuwa 1,200,000, mama. Usingoje zamu yake. Nenda kesho na hilo daftari, uanze na ukurasa wa kwanza, waonyeshe kilo kabla hujawaonyesha kitu kingine.

Mama Rashidi, Busia
Kesho ni Jumatano. Basi sasa ni Jumatano.