Nimemlipa fundi bomba shilingi 25,000, kisha usiku wa manane nimekuta kipande cha kandambili ndani ya koki

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki tatu zilizopita nilimwita fundi bomba hapa nyumbani, Tabata, kwa sababu koki ya sinki la jikoni ilikuwa inadondosha maji hata ikifungwa. Alinionyesha washa mpya, yaani ule mpira wa kuzuia maji ndani ya koki, ikiwa ndani ya kifuko chake, akafanya kazi kwa robo saa, akapokea shilingi 25,000 na kuondoka. Siku nne baadaye matone yalirudi, na tangu hapo kila nikimpigia simu ananiambia kwamba yuko njiani.

Usiku wa kuamkia jana niliamka saa nane. Mtoto wetu wa miezi minne alikuwa amelala baada ya kulia tangu saa nne, mke wangu alikuwa amesinzia akiwa amekaa, na mama mkwe alikuwa amelala sebuleni, ukuta mmoja na jikoni. Katika ukimya ule kila tone lililoanguka kwenye sinki la bati lilisikika nyumba nzima. Niliweka glasi ya robo lita chini ya koki ili nijue ninapoteza kiasi gani, na baada ya dakika 25 ilikuwa imejaa. Hiyo ni zaidi ya lita 14 kwa siku, na kwa wiki tatu inakaribia lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20, ndoo zile zile tunazonunua kwa wauza maji wa mkokoteni mgao unapotufikia.

Niliamua kuifungua mwenyewe. Nilitoka nje nikafunga valvu iliyo chini ya mnara wa tenki, lakini kwa kuwa ni kuukuu haikufunga kabisa, basi nikafungua bomba la uani, ambalo liko chini zaidi, ili maji machache yaliyokuwa yanapenya yatokee huko badala ya kunirukia jikoni. Nilirudi ndani nikaziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ya koki ikitumbukia humo kazi imeishia hapo. Simu niliisimamisha ndani ya kikombe iwe taa yangu. Nilitoa kishikio kwa bisibisi, nikaizungushia shingo ya koki kipande cha kanga ili spana malaya isiikwaruze wala isigonge, kisha nikaivuta taratibu hadi ilipolegea.

Nilipoitoa ile shingo pamoja na kijiti chake chenye hesi, mahali pa washa nilikuta kipande cha mpira wa buluu kilichokatwa kwa wembe, kimepinda upande mmoja, na juu yake bado inaonekana michirizi ya soli ya kandambili. Katikati kilikuwa kimekatika kwa duara, kwa sababu mpira ule ni laini, na kadiri tulivyokaza koki ndivyo kikalio cha shaba, ule ukingo ambao washa hubanwa juu yake, kilivyozidi kuuchana. Ndugu zangu, nilisimama pale jikoni na kile kipande kiganjani nikatetemeka. Mke wangu amekuwa akiikaza koki ile kwa mikono miwili kila usiku, nami nimekuwa nikimlaumu kwamba haifungi vizuri.

Niliingiza kidole ndani ya koki nikapapasa kikalio, nikasikia mkwaruzo mmoja mfupi kwenye ukingo wake. Nilizungushia msasa laini kwenye ncha ya penseli nikausugua polepole, nikafuta chembe zote kwa kitambaa chenye maji. Kwenye kopo la vyuma chakavu nilikuwa na koki ya zamani ya nusu inchi kama hii. Washa yake ilikuwa imebonyea upande mmoja, lakini nilipoigeuza upande wa pili ulikuwa bado bapa. Niliifunga kwenye kijiti, nikakizungusha hadi kikawa kimefunguka kabisa kabla ya kurudisha shingo, kwa sababu ukikaza shingo huku kijiti kimefungwa, washa inasagwa kabla hata maji hayajafika. Nilifungulia maji kidogo kidogo, nikatandika karatasi kavu ya chooni chini ya mdomo wa koki, nikakaa kwenye kigoda. Hadi saa kumi karatasi ilikuwa kavu, na hakuna aliyeamka.

Ninachouliza ni hiki: ile washa aliyonionyesha ilikwenda wapi, na ninaweza kumdai kwa njia gani mtu asiye na duka wala risiti?

Mzee wa Spana: Pole sana, mleta uzi. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi na ninakubali kwamba umeibiwa. Hata hivyo, usidhani kwamba kandambili peke yake ndiyo chanzo. Ule mkwaruzo uliousikia ungeikata hata washa halali, ila ingechukua miezi badala ya siku nne. Msasa unasaidia mkwaruzo mdogo tu. Kikiwa na bonde, kikalio kinachongwa kwa kifaa chake maalumu, na kwenye koki nyepesi za bei ndogo hakuna shaba ya kutosha kuchonga, hivyo unabadilisha koki nzima. Washa uliyoigeuza nayo ni ya kujishikiza. Nunua mpya wiki hii.

Kijana wa Ukonga: Mimi naona tatizo ni nguvu ya maji ya tenki. Punguza valvu ya mnara iwe nusu, presha itashuka na matone yatakoma bila kufungua chochote.

Mzee wa Spana: Mdogo wangu, ni kweli kwamba presha kubwa huongeza matone. Lakini ukifunga valvu nusu unapunguza wingi wa maji yanapotembea. Koki zote zikifungwa, maji yanasimama kwenye bomba na kusukuma kwa nguvu ile ile, kwa sababu kimo cha tenki hakijabadilika.

Mama Nuru: Kwangu ni tangi la choo, linatiririka usiku kucha na bili inapanda. Je, nami nitafute mpira wa namna hiyo? Mleta uzi, tafadhali elekeza ni washa ya ukubwa gani.

Mzee wa Spana: Mama, hilo ni jambo jingine. Fungua mfuniko uangalie kama boya linazuia maji yanapofikia alama.

Mpangaji Mwenzako: Kaka, nakuonea huruma, lakini je, ulikaa naye alipokuwa anafanya kazi? Mimi humwambia fundi anirudishie spea ya zamani mkononi. Asiporudisha, hapokei fedha.

Mleta uzi: Sikukaa naye, nilikuwa nimembeba mtoto, na sikubali kwamba kutokumsimamia kunampa haki ya kunidanganya. Mzee wa Spana, nashukuru. Leo asubuhi nimeona unyevu kidogo unatoka chini ya kishikio koki ikiwa wazi, ingawa mdomoni ni pakavu. Je, hilo nalo ni kikalio?

Mzee wa Spana: Hapana, hapo ni nati ndogo inayobana kijiti. Ikaze robo mzunguko tu. Ikiendelea, kizibio kilicho chini yake kimechoka.

Mleta uzi: Nimeikaza, unyevu umepungua ila haujakwisha. Kipande cha kandambili nimekiweka kwenye kibiriti. Mke wangu amekiona, amekaa kimya kwa muda mrefu, kisha ameniambia kwamba Jumamosi twende wote hadi kijiweni anakoshinda fundi huyo. Tutakwenda.