Naomba ushauri: nimelipa ada ya usajili wa teksi mtandao, sasa wanadai ya stika

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita niliona tangazo la kutafuta wenye magari. "Wakala" akanipokea WhatsApp, akataka picha za leseni, kitambulisho na kadi ya gari, kisha ada ya usajili. Nililipa, tena kwa namba ya mtu binafsi (hapo ndipo nilipozembea). Juzi kaja na ada ya stika, ati bila hiyo akaunti haifunguki na ile ya kwanza hairudi.

Nikapakua aplikesheni yenyewe na kuingiza namba yangu: hainitambui kabisa. Dereva mmoja mzoefu kaniambia yeye alijisajili humo humo bure, na kampuni hukata kamisheni kwenye kila safari. Nimempigia wakala, hapokei, anajibu kwa meseji tu. Ya stika sijalipa.

Naombeni mnisaidie mawili. Mtandao wa simu unaweza kurudisha pesa baada ya siku tano, au nianzie polisi? Na hizo picha za nyaraka, nizuieje zisitumike kufungulia akaunti ya dereva mwingine kwa jina langu?