Maharage ya Jumapili yanachacha kabla ya Jumatano, nifanyeje?

MchovuWaNtinda: Wadau naombeni msaada. Nafanya kazi ofisini hapa Kampala, natoka alfajiri, na foleni ya Jinja Road ikinikamata nafika nyumbani saa mbili usiku, nimechoka kula rolex. Nikaamua kila Jumapili napika sufuria kubwa ya maharage na wali wa wiki nzima naweka kwa friji. Jumanne jioni nakuta povu na harufu ya uchachu. Nafikiri muuzaji wangu wa sokoni ananipa maharage ya zamani, nihame?

KakaJinja: Oa ndugu yangu, shida imeisha 😂

MchovuWaNtinda: Mimi ni mwanamke na nina mume.

MamaKantini: Maharage ya zamani yanachelewa kuiva tu, hayachachi kwa hilo. Friji inawaka saa zote?

MchovuWaNtinda: Inawaka usiku.

MamaKantini: Na mchana dada?

MchovuWaNtinda: Naizima nikitoka, Yaka inakula yuniti jamani! Ila mchana hakuna mtu nyumbani, mlango haufunguliwi, baridi inabaki humo humo. Na vyombo vya kugawia nishanunua, mpango siubadilishi.

BabuArua: Sisi kwetu friji tuliiona kwa picha. Mama alikuwa anachemsha sufuria asubuhi na jioni, tumekula miaka na tuko hai. Chemsha tu, vijidudu vinakufa.

MamaKantini: Mzee, mama yako alichemsha mara mbili kila siku, huyu anapika Jumapili tu. Na wali ukikaa na uvuguvugu kuna vijidudu vinaacha sumu ambayo kuchemsha hakuitoi. Dada, friji iliyozimwa inashika baridi kama masaa manne mlango ukifungwa, wewe unapotea zaidi ya kumi. Halafu sufuria nzima ya moto katikati haipoi haraka. Ungeiacha iwake, chemsha maharage bila nyanya wala kitunguu, gawa kwa vyombo vifupi yapoe, yaingie ndani kabla ya masaa mawili. Ya Jumatatu mpaka Jumatano weka chini kwenye friji, ya Alhamisi na Ijumaa gandisha. Jioni unakaanga kitunguu na nyanya unamimina, chakula kinakuwa kipya. Wali pika siku hiyo hiyo, ni dakika ishirini.

Shushushu: Ngojeni kwanza. Una mume halafu mchana "hakuna mtu", na mwezi jana si wewe uliyekuwa unauza vyombo vya plastiki humu? Hii stori ni tangazo, maharage hayapo.

MchovuWaNtinda: Mume wangu kikazi yuko Gulu! Vyombo vilikuwa vya dada yangu, mimi nilimsaidia kupost.

KakaJinja: Vile vya mfuniko wa kijani? Seti bei gani?

MchovuWaNtinda: Elfu thelathini, nitumie meseji. Mama, na nikiiwasha friji saa sita mchana kwa taima, si itatosha?

MamaKantini: Kutoka alfajiri mpaka saa sita ni masaa mangapi, hesabu mwenyewe. Kama yuniti ndiyo shida, nunua mukene mkavu na karanga za kusaga, hizo hazihitaji friji, maharage pika ya siku mbili tu.

BabuArua: Mukene wa Panyimur ndio mukene.