Mrejesho: notisi ya mzigo uwanja wa ndege, Dar es Salaam

Niliuliza: "Notisi ya mzigo wangu inasema nina siku tano za bure ghalani. Zinaanza lini, na nilipe nini kwanza?"

Nawashukuru ndugu zangu mlionielekeza nisome mistari midogo ya chini. Notisi ilichapishwa tarehe 7, nami nikadhani nina nafasi hadi tarehe 11, kumbe masharti yake yanahesabu tangu siku mzigo ulipowasili, yaani tarehe 4, na siku hiyo yenyewe imo. Mwisho ulikuwa tarehe 8.

Kilichonishtua zaidi ni uzito. Mzani ulionyesha kilo 15, lakini notisi iliandika 24, kwa sababu boksi lina sentimita 60 kwa 50 kwa 40, na zao la vipimo hivyo likigawanywa kwa 5,000 linatoa 24. Kampuni hutoza uzito ulio mkubwa. Kwa shilingi 500 kwa kilo kwa siku, kila siku ya kuchelewa ingenigharimu 12,000, na kuanzia tarehe 9 hadi 11 ningelipa 36,000.

Ushuru na kodi nililipa kwa kumbukumbu namba ya TRA, gharama za wakala kwa ankara yake, kila moja na risiti yake. Nilikuwa na TIN na hati ya usafirishaji; iliyokosekana ni ankara ya muuzaji, ambayo alinitumia usiku uleule nilipomwomba. Mzigo niliutoa tarehe 8 alasiri.