Tupeane uzoefu: bakapu yenu mmewahi kuirudisha kweli?

Mkaguzi wa Uyole: Wakuu, nakagua usalama wa kompyuta kwenye ofisi ndogo za hapa Mbeya. Siku hizi siulizi kama bakapu ipo, maana kila mtu atasema ipo. Naomba mauzo ya jana yarudishwe kwenye kompyuta nyingine, mimi nikiangalia. Duka moja la pembejeo pale Mwanjelwa walinionyesha diski ya nje yenye folda ya kila usiku. Tukafungua ya jana: barua zipo, picha zipo, faili la hesabu hakuna. Kwenye logi ya robocopy, kila usiku:

```
ERROR 32 (0x00000020) Copying File D:\HESABU\mauzo.mdf
```

Programu ya hesabu ilikuwa inaachwa wazi usiku kucha, kwa hiyo faili lake linashikiliwa, halinakiliki. Fundi aliweka `/R:0`, yaani likigoma lirukwe. Logi haikuwa na msomaji. Tulichofanya, database itoe kwanza bakapu yake ya .bak, ndiyo inakiliwe. Tukairudisha kwenye laptop ya stoo hadi tukaiona ankara ya mwisho ya jana. Muda uliotumika tukauandika, kwa sababu ndio muda ambao duka litasimama. Nyie mmekuta nini?

Binti Kihesa: Sisi Iringa tulihamia Google Drive, diski tukaachana nazo. Kila kitu kinapanda chenyewe, hatuna wasiwasi.

Mkaguzi wa Uyole: Dada, hapo ni nusu. Kirusi kikifunga mafaili kwenye kompyuta yako, hayohayo yaliyofungwa ndiyo yatapanda. Matoleo ya zamani yapo, ila kwa kawaida hukaa siku 30. Jaribu leo kurudisha faili moja la wiki iliyopita, uone kama kuna anayejua pa kubofya.

Mama Mpunga wa Ubaruku: Huyo mkaguzi katoka TRA? Mimi risiti zangu za EFD ninazo zote kwenye boksi.

Mkaguzi wa Uyole: Si wa kodi, mama. Ila boksi hilo litunze. Bakapu ikiwa ya jana usiku, mauzo ya leo utayaingiza upya kutoka kwenye risiti hizo.

Fundi Makambako: Kwetu bosi alizima masasisho ya Windows kuokoa bando, na mashine nyingi ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure 14 Oktoba 2025. Tukavamiwa. Diski ya bakapu ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo ikafungwa. Nilizima mashine zote ukutani.

Mkaguzi wa Uyole: Pole sana mkuu. Mimi ningechomoa waya wa mtandao na kuzima Wi-Fi, mashine ningeiacha inawaka. Ukiizima, ushahidi uliomo kwenye RAM unapotea.

Fundi Makambako: Na mafaili yaendelee kufungwa mbele ya macho yangu? Wa kuisoma hiyo RAM huku Makambako nitamtoa wapi?

Binti Kihesa: Nimejaribu hilo faili. Nywila ya akaunti anayo kijana aliyeacha kazi. Namtafuta.