Naomba ushauri: hisa moja imenenepa kupita kiasi

Assalam aleikum ndugu zangu, niko Malindi. Nina hisa za shilingi 500,000 katika Soko la Hisa la Nairobi. Kanuni yangu: kampuni moja isizidi asilimia 20, sekta moja 40; kampuni ikivuka 25, naipunguza hadi 20. Sasa benki moja imepanda hadi 175,000, yaani asilimia 35, na ya pili ina 75,000. Sekta ya benki imefika nusu!

Nikiuza za 75,000 na kununua sekta nyingine, narudi 20. Lakini nataka pesa hizo zilipe karo, na zikitoka jumla inapungua, hivyo nabaki na 23.5. Itabidi niuze za 93,750. Je, niuze zote sasa, au nusu nisubirie gawio, ingawa dalali hukata kamisheni kila mauzo?